Mtandao Gani, Gerson?

Juu ya kibanda cha Gerson Chidawali, pale Kikuyu mjini Dodoma, pana ubao wa njano wenye maandishi mekundu: WAKALA. MITANDAO YOTE. HATUKOSEI. Mchoraji alitoza kwa herufi, kwa hiyo Dorkasi, mke wa Gerson, alishauri neno la mwisho liachwe. Gerson alikataa. Alisema mitandao yote hata jirani anayo. Hilo la mwisho ndilo duka lenyewe.

Kusema haki, hakuwa anajisifu bure. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kutuma hela pasipotakiwa. Mteja alipofika aliulizwa, "Mtandao gani?" Akataja. Akatoa namba. Halafu Gerson akasubiri jina lije, na jina lilipokuja alilisoma kwa sauti, kama mzee wa kanisa anayesoma matangazo ya ndoa: "Ni Yudith Mahinyila huyu?" Mteja akisema ndiye, ndipo Gerson alipobonyeza. Siri za watu hazikutunzwa sana pale kibandani, lakini hela zao zilifika.

Neno lenyewe, mtandao, Gerson alilijua kama mchungaji anavyolijua neno neema: alilitumia kutwa nzima na hakuna aliyewahi kumuuliza maana yake. Kwake mtandao ulikuwa kampuni ya simu. Zamani hela ya mtandao huu haikuweza kwenda mtandao ule. Siku hizi inakwenda, tofauti ni makato tu, na mtu mwenye akili hutafuta makato madogo. Elimu hiyo ilikuwa sahihi kabisa kwa Kikuyu, kwa Kongwa na kwa Kondoa. Ilikuja kumponza mahali ambapo si Kikuyu, si Kongwa wala si Kondoa.

Kila Jumamosi asubuhi kibanda kile kiligeuka ofisi ya watu watatu. Wa kwanza ni Gerson mwenyewe. Wa pili ni Mwalimu Filipo, mstaafu aliyefundisha jiografia Kongwa kwa miaka thelathini na ambaye, kwa sababu aliwahi kuchora ramani ya Uhispania ubaoni, aliaminika kuzijua timu za huko. Wa tatu ni Zaidi, mfanyabiashara wa alizeti kutoka Kondoa, Muislamu safi, ambaye hakubeti. Alichanga tu.

"Mimi sichezi kamari," alikuwa akisema, akihesabu noti zake. "Nawasaidia marafiki zangu wasiende motoni peke yao."

Mwanzoni walibeti kwa wakala wa hapahapa mjini, kwa shilingi. Kisha Zaidi akasikia huko sokoni Majengo habari za tovuti moja ya ng'ambo, isiyopokea shilingi wala hela ya simu, bali dola za mtandaoni tu, zile zinazoitwa USDT, ambazo moja yake inakusudiwa kuwa sawa na dola moja ya Marekani leo, kesho na keshokutwa. Ilisemekana kuwa huko ukishinda hukatwi. Kwamba ukishindwa unakatwa yote, hilo halikusemekana, kwa kuwa linajulikana.

Dola hizo waliuziwa na Ikram, mpwa wa Zaidi, mwanamke wa makamo mwenye duka la mabaibui na manukato karibu na stendi ya zamani. Ikram aliuza dola kama alivyouza udi, kwa kipimo na bila maneno mengi. Mara mbili za kwanza yeye ndiye aliyewatumia hadi kwenye tovuti, kwa ada ya dola moja ya usumbufu. Na mara zote mbili, kabla ya kutuma, aliketi kimya akilinganisha kitu kwenye simu moja na kitu kwenye simu nyingine, kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili.

"Usumbufu gani?" Gerson alilalamika siku ya tatu. "Mimi natuma hela mara themanini kwa siku. Nimlipe mtu anitumie? Ni sawa na muuza maji kununua kikombe cha maji."

"Dola moja kwa watu watatu, Gerson," alisema Zaidi. "Hata sambusa ni ghali zaidi."

"Si hela. Ni heshima."

Hivyo Jumamosi hiyo Ikram aliwauzia dola mia moja kwa shilingi laki mbili na sabini, elfu tisini kila mmoja, akaziingiza kwenye akaunti mpya ya Gerson katika programu ya kubadilishia sarafu, akasema neno moja tu: "Mjomba, angalia mtandao."

"Mimi?" alisema Gerson. "Mimi unaniambia niangalie mtandao?"

Akaenda zake akicheka hadi Kikuyu.

Mkeka ulikuwa tayari. Mwalimu Filipo alikuwa ameuandika kwenye karatasi ya daftari kwa mwandiko wa ubaoni: mechi tatu, zote za Jumapili, zote timu ya ugenini ishinde. Ukitiki, dola mia zingekuwa mia tisa na kitu. Mwalimu alikuwa ameshanunua nguzo za kubebea simtanki la lita elfu mbili, maana Dodoma maji huja kwa ratiba na ratiba huja kwa kudra. Zaidi alitaka matairi mawili ya nyuma ya gari lake. Gerson hakusema anataka nini, lakini alikuwa ameulizia bei ya ubao wa taa.

Alifungua tovuti, wenzake wakimchungulia begani. Palikuwa na sehemu ya kuweka fedha. Akachagua USDT. Chini yake pakatokea neno la Kiingereza ambalo Mwalimu alilitafsiri papo hapo: "Mtandao."

"Ooh," alisema Gerson. "Nyumbani."

Uliotangulia kuandikwa ulikuwa ERC20. Chini yake TRC20. Basi, ilikuwa miwili tu. Gerson akauchagua wa kwanza, kwa kuwa ulikuwa wa kwanza. Tovuti ikampa anwani ya kupelekea: sifuri, eksi, kisha mlolongo wa herufi na tarakimu arobaini, kama namba ya chesisi ya gari la wazimu. Akainakili.

"Ile ya Ikram ilianza na T," alisema Zaidi. "Nakumbuka. T kama Tanzania."

"Kila mtandao una namba zake za mwanzo," alisema Gerson kwa upole wa fundi. "Sasa tunatuma."

Akaibandika ile anwani kwenye programu yake. Programu nayo ikauliza mtandao. Ule wa T ulikuwa umefifia, haubonyezeki, maana anwani haikuwa ya kwake. Iliyobaki kubonyezeka ilikuwa ile inayoanza na sifuri eksi, na mbele ya kila mmoja pameandikwa makato. ERC20: dola nne. BEP20: senti moja.



"Dola nne," alisema Mwalimu Filipo. "Hiyo ni elfu kumi na kitu."

"Na huku ni senti moja," alisema Gerson. "Mnaona? Ndiyo maana watu wanaogopa vitu hivi. Hawasomi."

"Lakini kule tulichagua ERC," alisema Zaidi.

"Zaidi, ndugu yangu. Mtu wa mtandao huu akimtumia mtu wa mtandao ule, haifiki?"

"Inafika."

"Namba si ileile? Hebu tazama. Mwanzo uleule, mwisho uleule. Programu ingekataa kama haifai, kama ilivyoukataa ule wa T."

Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na imewapotezea fedha watu wengi wenye akili. Gerson akachagua BEP20. Yakatokea maandishi mekundu, yakisema mtumaji ahakikishe kuwa mtandao aliouchagua unapokelewa kule anakotuma, la sivyo mali yake inaweza kupotea. Gerson aliyaruka. Yeye mwenyewe alikuwa na karatasi nyekundu ukutani inayosema wateja wahakiki hela kabla ya kuondoka dirishani, na alijua vizuri ni wangapi huwa wanaisoma.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe aliposita kidogo.

"Nini?" aliuliza Mwalimu.

"Jina halijaja."

Wote watatu wakaitazama simu. Jina halikuja. Katika miaka kumi na mmoja Gerson hakuwahi kutuma bila jina, na kitu fulani katika mkono wake kilijua hivyo. Lakini kichwa kilijua kuwa wazungu hawapendi kutaja majina. Akabonyeza.

"Imekwenda," alisema. "Bila dola ya Ikram."

Kufika saa sita mchana simu ya Gerson ilisema muamala umekamilika, na tovuti ikasema salio ni sifuri. Saa saba ikasema sifuri. Wenzake walikuwa wameshaondoka wakijua mambo yamekwisha, kwa kuwa Gerson hakosei. Saa nane alimwachia Dorkasi kibanda, akasema anakwenda kuchukua chenji, akapanda bodaboda hadi dukani kwa Ikram.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ikram, mtandao unasumbua leo?"

Ikram aliichukua simu, akatazama, akairudisha mezani taratibu kama anavyorudishiwa mtu majibu ya hospitali.

"Umetuma BEP."

"Ilikuwa senti moja."

"Wao wanapokea ERC na TRC."

"Lakini imekamilika! Tazama hapo, imeandikwa imekamilika."

"Imekamilika. Imefika kabisa." Ikram akafungua kwenye simu yake ukurasa wa wazi, ambao mtu yeyote anaweza kuona kila anwani ya mtandao ule ina nini, akaibandika ile anwani ndefu. Zikatokea: dola tisini na tisa nukta tisa tisa. "Hizi hapa, zimekaa."

Gerson akahema. "Sasa si wazichukue!"

Ikram akatafuta namna. Alikuwa anaongea na mtu wa Dodoma, mji ambao kila mkazi wake ana kiwanja, anatafuta kiwanja, au yuko kwenye kesi ya kiwanja. Kwa hiyo hakwenda mbali.

"Mjomba, chukulia kuna mtu ana kiwanja namba kumi na nne, Kitalu D, Kisasa. Ndipo anapoishi. Huyohuyo ana kingine Iyumbu, nacho ni namba kumi na nne, Kitalu D. Ni chake, ufunguo ni mmoja. Lakini Iyumbu haendi, hana hata habari nako. Anakwambia, niletee gunia la alizeti nyumbani, Kisasa. Wewe unamuuliza bodaboda, Kisasa bei gani? Elfu nne. Iyumbu je? Mia. Ukasema, namba si ni hiyohiyo? Ukapeleka Iyumbu."



"Gunia halijaibiwa," alisema Ikram. "Liko kiwanjani kwake. Mimi siwezi kulichukua, wewe huwezi, na yule bodaboda hawezi kurudi nalo. Mwenye ufunguo ni yeye peke yake. Akitaka ataliendea. Asipotaka, litakaa."

"Na kule kwa T?"

"Kule namba zenyewe ni za namna nyingine, ndiyo maana programu ilikukatalia. Inakukatalia ukikosea mji. Ukikosea mtaa inakuacha."

"Nipigie huduma kwa wateja waurudishe muamala."

"Hakuna anayerudisha. Waandikie wenye tovuti, uwaombe."

Gerson aliwaandikia, akiwa amesimama katikati ya mabaibui. Alijibiwa na mtu au kitu kinachojiita Bella, kwa Kiswahili kilichopita kwenye mashine. "Habari mpendwa mchezaji! Amana yako ilifanywa kupitia mtandao usioungwa mkono. Urejeshaji unazingatiwa kwa kiasi cha kuanzia dola mia tano, kwa ada ya dola mia moja na hamsini. Je, naweza kukusaidia na furaha nyingine?"

"Furaha nyingine," alisema Gerson.

"Siku nyingine," alisema Ikram, "tuma kidogo kwanza. Lakini kisipungue kile kiwango chao cha chini kabisa, maana nacho wanakimeza. Kikionekana, ndipo utume kilichobaki."

"Kwa nini hukuniambia asubuhi?"

"Nilikwambia uangalie mtandao. Ukacheka mpaka nje."

Kufika jioni Gerson alikuwa ameeleza shida yake kwenye kundi moja la simu la wabetiji, bila jina, kama mtu anayeuliza dawa kwa niaba ya rafiki. Hazikupita dakika tano akapata ujumbe wa mtu mwenye picha ya tai shingoni, aliyejitambulisha kama Afisa Urejeshaji. Alimpa pole sana. Akasema pesa ile anaiona, haijapotea, imekwama tu njia panda. Kinachohitajika ni ada ya kufungua mtandao, shilingi elfu themanini.

Gerson alishika simu kwa mikono miwili. Akaandika, "Nitume wapi?"

Jibu likaja: "Hiyo hela itume kwenye namba hii, jina litakuja Tabu."

Gerson aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Aliijua. Alikuwa ameikariri. Mara ngapi amewazuia bibi wa watu dirishani pale wasitume, akiwasomea sentensi hiyohiyo kama mfano wa maneno ya matapeli? Akajiona mwenyewe ndiye bibi, na upande wa ndani wa dirisha hapana mtu. Alimfuta yule afisa, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi pekee aliyoifanya vizuri siku ile.

Ilibaki njia moja. Jumapili, baada ya ibada, Gerson alifungua kibanda, akavuta droo ya mtaji. Laki mbili na sabini. Akimpelekea Ikram sasa hivi, akatuma kwa T, mkeka ungewahi, na hakuna mtu duniani ambaye angejua isipokuwa Ikram, na Ikram hasemi. Mtaji ungepungua, lakini angeujazia polepole kwa kamisheni, miezi miwili hivi, Dorkasi akiwa hatazami; na katika miaka kumi na minne ya ndoa Dorkasi hakuwahi kuacha kutazama.

Alikuwa amefika laki moja na tisini katika kuhesabu kivuli kilipoziba dirisha. Alikuwa ni bibi Ruthu, jirani wa ng'ambo ya barabara.

"Mbukwa, mwanangu," alisalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nitumie hii kwa mjukuu wangu Devota, shule imefungua. Kuna kijana pale mbele anatuma bure, nimempita."

"Kwa nini umpite, bibi?"

Bibi Ruthu alinyoosha kidole juu, kwenye ubao, bila hata kuutazama. "Mimi kusoma sijui. Lakini niliambiwa pale pameandikwa nini."

Gerson alimtumia. Akauliza mtandao, akasoma jina mara mbili. Kisha akazirudisha zile noti kwenye droo, akafunga kibanda, akaenda kwenye banda la mpira la Bashiri kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Mechi mbili za kwanza zilianza saa kumi, kwenye runinga mbili zilizotundikwa pamoja. Gerson alikuwa ameamua kusema mara tu atakapoketi. Alipoketi, timu ya kwanza ya mkeka ilifunga, Zaidi akamkumbatia, na neno likarudi tumboni. Alijiambia: uchanike tu. Uchanike mapema, kwa amani, na hapatakuwa na habari ya kusimulia. Katika banda zima la watu themanini alikuwa peke yake aliyeomba jambo hilo, na hakusikilizwa. Kufika saa kumi na mbili timu zote mbili zilikuwa zimeshinda ugenini.

"Jiografia!" Mwalimu Filipo alipaza sauti, akijigonga kifua. "Timu ya pwani ikipanda mlimani! Niliwaambia!"

"Bado moja," alisema Zaidi. Alikuwa ameshampigia simu muuza matairi. "Gerson, mbona unatoka jasho? Kaa, baba. Leo utatuagizia soda wewe."

"Mwalimu," alisema Gerson. "Zaidi. Mkeka haupo."

"Umepotea? Mimi ninayo nakala," alisema Mwalimu, akigusa mfuko wa shati.

"Karatasi ipo. Hela haikuingia. Nilikosea mtandao."

Walimtazama. Akawaeleza yote: BEP, ERC, Kisasa, Iyumbu, Bella na furaha nyingine. Alieleza vibaya, lakini suala la kiwanja walilielewa mara moja.

"Kwa hiyo," alisema Zaidi polepole, "wewe, Gerson, mwenye ubao..."

"Ndiyo."

"Ulikosea muamala."

"Ndiyo, Zaidi."

"Kwa kukwepa dola ya mpwa wangu."

"Na zile nne," alisema Mwalimu Filipo, aliyekuwa mtu wa haki. "Zile nne tulizikwepa wote. Mimi ndiye niliyezihesabu kwa shilingi."

Zaidi alifungua mdomo amtukane mtu, akatafuta nani, akajikuta na yeye yumo. Akaufunga. Gerson alisema atawarudishia elfu tisini zao, kidogo kidogo. Mwalimu akasema hayo yatazungumzwa. Kisha, kwa pamoja, kama watu waliosikia mlio mmoja, wakageuza macho kwenye runinga, ambako timu za mechi ya tatu zilikuwa zinaingia uwanjani.

"Sasa ikishinda?" alinong'ona Zaidi.

 Ikishinda, walikuwa wamepoteza milioni mbili na laki nne. Ikishindwa, walikuwa wamepoteza dola mia tu, ambazo zingeliwa vilevile. Mwalimu Filipo alitoa mkeka mfukoni, akautazama kwa huruma, akaugeuza kifudifudi pajani.

Dakika ya thelathini na moja timu yao ikafunga. Banda likapiga kelele. Watu watatu kwenye benchi la nyuma wakashika vichwa.

"Mzee Filipo, si ndiyo timu yako hiyo?" aliuliza Bashiri, mwenye banda, akipita na kreti la soda.

"Ndiyo," alisema Mwalimu, kwa sauti ya msibani.

Kipindi cha pili walianza kuwashangilia wenyeji waziwazi. Wenyeji walipokosa bao la wazi Zaidi alisimama juu ya benchi akawatukana mpaka akakumbuka kuomba radhi kwa Mola. Mwalimu alimwelekeza mlinzi wa kushoto wa wenyeji apande, akimwita "mwanangu". Gerson alikuwa ameshika mikono pamoja, na midomo ilikuwa inacheza. Dakika ya sabini na nane wenyeji wakasawazisha. Sare ingetosha. Sare ingechana mkeka vizuri kabisa. Dakika kumi na mbili zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko miaka kumi na mmoja ya uwakala. Na dakika ya tisini na tatu, mpira ulipogonga mwamba wa wenyeji ukatoka nje, na mwamuzi akapuliza kipenga, wale watatu waliruka, wakakumbatiana, wakazunguka kama watu wa harusini, Zaidi akilia machozi kabisa.

"Mmekula ngapi?" waliuliza watu, wakisogea.

"Tumechana!" alipaza sauti Mwalimu Filipo, akiupasua mkeka vipande vinne na kuvirusha juu. "Umechanika wote!"

Bashiri aliwatazama, akaona ni busara kudai hela ya soda mapema.

Njiani kurudi ndipo Mwalimu aliposimama ghafla.

"Hebu nielewesheni. Kama Gerson angetuma sawasawa, hela ingekuwa wapi sasa hivi?"

"Imeliwa," alisema Zaidi.

"Na ile aliyoikosea?"

Gerson alitoa simu, akafungua ule ukurasa aliofundishwa na Ikram, akabandika anwani. Vichwa vitatu vikainama juu ya mwanga. Dola tisini na tisa, nukta tisa tisa.

"Ipo," alisema Mwalimu kwa mshangao. "Katika hela zote tulizowahi kupeleka kule, hii ndiyo peke yake ambayo haijaliwa."

"Ila hatuwezi kuichukua," alisema Zaidi.

"Na hizo nyingine tunaweza?"

Kwa hesabu hiyo deni la Gerson lilikufa palepale barabarani, bila kikao. Zaidi aliweka sharti moja tu: ubao.

Wiki iliyofuata mchoraji alikuja na kopo la rangi ya njano akafuta neno la mwisho. Dorkasi, ambaye hakuwa ameambiwa kitu na alijua kila kitu, alishika ngazi. Alisema kama angesikilizwa siku ile, wangekuwa wameokoa hela ya herufi tisa.

Dola bado zipo. Jumamosi asubuhi, badala ya mkeka, Mwalimu Filipo na Zaidi hufika kibandani na Gerson huwaonyesha. Wanazitazama kidogo, kama watu wanaokwenda kuona kiwanja chao cha Iyumbu, wanakuta hakijavamiwa, wanaondoka.

Bibi Ruthu naye anaendelea kupita yule kijana wa mbele. Juzi alikuja na elfu hamsini za Devota.

"Mtandao gani, bibi?" aliuliza Gerson.

Akamwambia. Gerson akaandika namba, akasubiri jina, akalisoma mara tatu. Kisha akatuma elfu moja.

"Ni hamsini, mwanangu."

"Najua, bibi. Mpigie kwanza. Muulize kama ameiona."

"Na makato ya mara mbili analipa nani?"

"Mimi," alisema Gerson. "Ni usumbufu wangu."

Bibi Ruthu alimtazama, akatazama juu kwenye ubao, kwenye lile baka la rangi mpya ambalo hakujua lilikuwa limemeza nini, akatoa simu, akampigia Devota.

"Ameiona," alisema.

Gerson akatuma arobaini na tisa.